Begi la shilingi 20,000 na pengo la shilingi 2,800

Ndugu Mshauri, salaam. Nina karakana ndogo ya mabegi ya shule hapa Buguruni, yenye mafundi watano wa kushona. Mkataji ni mimi mwenyewe. Kila msimu, kuanzia Oktoba hadi shule zinapofunguliwa Januari, tunashona mabegi yapatayo 2,000 kwa ajili ya maduka ya Kariakoo. Msimu uliopita nilipiga hesabu nikaona begi moja linanigharimu shilingi 16,400, nikaongeza asilimia 25 na kulipeleka dukani kwa shilingi 20,500. Wenye maduka waliyakataa. Wanasema mzazi analipa shilingi 20,000 kwa begi la aina hiyo linalotoka nje, na wao hubaki na 4,000 katika kila begi. Nililazimika kuuza kwa hasara, na mkopo ninao, ambao rejesho lake ni milioni 3 kwa mwaka. Rafiki yangu ananishauri nipunguze unene wa sponji, nitumie uzi wa bei nafuu na niwapunguzie mafundi ujira. Nimekuambatanishia mchanganuo wa gharama na begi moja la mfano. Je, nipunguze wapi?
Mkataji wa Buguruni

Ndugu Mkataji, begi lako nimelifumua mshono kwa mshono na mchanganuo wako nimeusoma mara mbili. Kabla ya kufika kwenye sponji na uzi, naomba kwanza tugeuze mwelekeo wa hesabu yenyewe. Wewe ulianza na gharama, ukaweka faida juu yake, ukapata bei. Mzazi aliyesimama dukani Kariakoo hajui gharama yako wala haimhusu. Yeye ana bei yake kichwani na begi jingine mbele ya macho yake. Hivyo bei ndiyo inayotangulia, faida unayoihitaji inatolewa humo, na kinachobaki ndicho kiasi cha juu kabisa ambacho begi linaruhusiwa kukugharimu. Kiasi hicho huitwa gharama lengwa, na utaratibu huu ulianza kutumika katika kampuni ya Toyota huko Japani katika miaka ya 1960, ambako gari hupangiwa gharama yake likiwa bado ni mchoro.

Tuanze na hiyo bei ya shilingi 20,000, kwa kuwa ikikosewa yote yanayofuata yamekosewa. Usiichukue kwa mdomo wa mwenye duka peke yake, maana yeye ana sababu ya kuishusha. Nenda mwenyewe, usimame nusu siku mahali kama Mtaa wa Kongo, na uandike bei ambayo mzazi anaondoka nayo na si ile anayotajiwa. Begi linalotajwa kwa 25,000 huishia 20,000 baada ya mabishano, na kinachokuhusu ni hiyo ya mwisho. Uandike pia begi hilo lina nini: ukubwa, idadi ya mifuko, aina ya zipu. Wewe hushindani na begi la bei ya chini linalochanika kabla ya likizo ya Juni, wala hushindani na lile la magurudumu. Ukikuta kweli begi la ukubwa wa lako, linalodumu mwaka mmoja, linaondoka kwa 20,000, basi hiyo ndiyo bei yetu.

Katika bei hiyo mwenye duka anachukua 4,000, inabaki 16,000. Hapa thibitisha jambo moja kwa maandishi. Muuzaji anayesema "naweka asilimia 20" anaweza kuwa na maana ya asilimia 20 ya bei anayonunulia kwako, na kwa hesabu hiyo begi la 20,000 angelinunua kwa karibu 16,667. Tofauti ni shilingi 667 kwa begi, yaani karibu robo ya pengo unaloliona sasa. Kwa kuwa umeandika kwamba wao hubaki na 4,000 kamili, nimeichukua 16,000 kuwa bei yako, na nimedhani wanakulipa wakipokea mzigo. Kama unawapa kwa mali kauli, ngoja ngoja ya fedha hiyo nayo ni gharama, na haimo kwenye mchanganuo wako. Nimedhani pia kwamba hujasajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, kwa kuwa mauzo ya msimu wako ni kama milioni 32. Siku utakapokuwa umesajiliwa, bei yenye kodi hiyo ya asilimia 18 utaigawa kwa 1.18 kwanza kabla ya kuanza kutoa kitu kingine. Wengi hupunguza asilimia 18 moja kwa moja, na hilo ni kosa.

Sasa faida. Asilimia 25 yako sikuona imetoka wapi, na nadhani hata wewe umeirithi kwa waliokutangulia. Faida inayotakiwa ipatikane kutokana na mahitaji ya karakana. Rejesho la mkopo ni milioni 3. Kwenye mchanganuo umeandika kwamba cherehani mbili zimechoka na unataka kuweka akiba ya 800,000 kila msimu. Tukiongeza milioni 1 ya kukutegemeza msimu ukiharibika, jumla ni 4,800,000. Ujira wako wa kukata tayari umo kwenye gharama, shilingi 500 kwa begi, na umefanya vyema kujilipa, kwani wengi husahau. Gawanya 4,800,000 kwa mabegi 2,000, unapata shilingi 2,400 kwa begi, ambayo ni asilimia 15 ya bei ya 16,000. Zingatia kwamba ni asilimia 15 ya bei na si ya gharama. Ukiipachika juu ya gharama utapata kiasi kidogo kuliko unachohitaji.

Shilingi 16,000 ukitoa 2,400 inabaki 13,600. Hiyo ndiyo gharama lengwa. Begi lako lilivyo leo linagharimu 16,400, kwa hiyo pengo ni shilingi 2,800.

Rafiki yako amekuelekeza kwenye mambo matatu yasiyofaa kuguswa, na sababu yake inaonekana ukiuliza mzazi analipia nini hasa. Fanya hivi: waulize wazazi ishirini au thelathini, wale wanaorudi dukani wakiwa na begi la mwaka jana mkononi, begi hilo liliharibikia wapi. Nimewahi kukaa kwenye duka la rafiki na kusikiliza malalamiko hayo. Kwa sehemu kubwa yalikuwa mkanda uliong'oka begani na zipu kubwa iliyoachia. Wachache walitaja mvua kuingia, na mmoja alitaja rangi. Hakuna aliyelalamika kwamba begi lilikosa mfuko wa nne. Sponji ya mikanda na uzi wa mishono viko palepale ambapo mzazi anatazama, na vyote viwili kwa pamoja havifiki shilingi 2,000 kwenye begi zima. Ukipunguza hapo utaokoa shilingi mia mbili au tatu, na Januari inayofuata mwenye duka hatapokea simu yako.

Kwa upande mwingine, begi ulilonitumia lina zipu nne, zote za namba 10, pamoja na za mifuko midogo ya mbele. Zipu ya namba 10 ina meno mapana, inafaa mdomo mkubwa unaobeba uzito. Mfuko wa kalamu unatosheka kabisa na namba 5. Mfuko wa nne, ule uliojificha ndani, sikuuona hadi nilipofumua. Uondoe huo, mifuko miwili ya mbele ipewe namba 5, na mdomo mkubwa ubaki na namba 10. Nunua zipu kwa mita na vichwa vyake kando, badala ya zipu zilizokwisha kukatwa. Kwa bei za mchanganuo wako, zipu zitashuka kutoka shilingi 2,100 hadi 1,350. Hapo umeokoa 750 bila mzazi kupoteza kitu anachokijali.

Mikanda ya ubavuni ile yenye vibano vya plastiki, ya kubana begi likiwa tupu, nayo inagharimu 400 kwa jumla ya utepe na vibano. Kwenye begi la msafiri ina kazi, lakini mtoto wa darasa la nne anayebeba madaftari ya kaunta na chupa ya maji hana haja nayo. Iondoe.

Kitambaa kinahitaji tukae nacho zaidi, kwa kuwa ndicho kinachobeba gharama kubwa kuliko vyote, shilingi 4,200. Kitambaa chako kina upana wa sentimeta 150, na kipande cha mbele na cha nyuma unakikata kwa upana wa sentimeta 31. Vinne vinakula 124, na zinabaki 26 ambazo, kama ulivyoandika, unawapa wanaojaza mito. Ukipunguza kipande hadi sentimeta 29, vitano vinaingia kwa 145, na zile 5 zinazobaki zinatosha kuondoa kingo za kitambaa pande zote mbili. Mshono unakula sentimeta moja kila upande, hivyo begi litakuwa na upana wa 27. Karatasi ya A4 ina upana wa 21, na hata daftari nene la kaunta litaingia bila shida. Vipande hivyo viwili vikubwa ni kama nusu ya kitambaa chote. Kwa kuwa upana uleule sasa unatoa vitano badala ya vinne, sehemu hiyo inapungua kwa moja ya tano, yaani kama shilingi 400 kwa begi. Tanbihi: akiba hii ipo tu kwa sababu mabaki ulikuwa ukiyagawa. Kama ungekuwa unakatia mifuko midogo humo, ungekuwa unajihesabia akiba mara mbili.

Bitana ndiyo iliyonishangaza. Kitambaa chako tayari kimepakwa utando wa kuzuia maji kwa ndani, kisha ukaweka bitana begi zima. Nadhani lengo lilikuwa kuficha mishono isifumuke nyuzi. Kazi hiyo inafanywa vizuri na utepe mwembamba wa kufungia mishono, wa shilingi 150 kwa begi. Bitana ibaki mgongoni peke yake, inapozuia sponji isitoke. Bitana ilikuwa 1,300, itabaki 500. Ukitoa utepe, akiba halisi ni 650. Fundi hatapoteza muda wala kuupata hapo, kwa kuwa kufunga utepe kunachukua karibu muda uleule.

Tukifika kwa mafundi, sasa unaweza kuzungumza nao, lakini kwa njia tofauti na ya rafiki yako. Leo fundi anashona mabegi 8 kwa siku ya saa nane, kila moja kwa 3,200, anapata 25,600. Mfuko mmoja wa zipu na mikanda ya ubavuni vikiondoka, kazi inapungua kwa dakika kama 10 kwa begi, na hiyo ninaihesabu kuwa punguzo la 400. Lakini nataka uongeze kitu kimoja: pale mkanda unapoingia begani na kiunoni, washone mraba wenye msalaba ndani yake badala ya mistari miwili ya sasa. Hilo litachukua dakika mbili na ulilipie shilingi 100. Ujira unakuwa 2,900, begi linachukua dakika 52, na fundi anamaliza mabegi 9 na kupata 26,100. Mapato yake ya siku hayakushuka, na wewe umeokoa 300. Ukikata ujira bila kupunguza kazi, muda huo ataurudisha kwa kushona haraka, na utauona kwenye mishono iliyoruka.

Hadi hapo tumepata 750 za zipu, 400 za vibano, 400 za kitambaa, 650 za bitana na 300 za ushonaji. Ni shilingi 2,500. Limebaki pengo la 300.

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Kodi ya banda, umeme, mlinzi na usafiri umevipa shilingi 1,900 kwa begi, yaani 3,800,000 kwa mabegi 2,000. Mtu akichoka kutafuta hizo 300 husema: nikishona mabegi 3,000, mzigo huo utashuka hadi 1,267 na pengo limefungwa na chenji imebaki. Kwenye karatasi ni kweli. Ila mabegi hayo 1,000 ya nyongeza hayana oda, na yakibaki yamejaza banda zima mwezi wa pili utakuwa umefunga pengo la 300 kwa kufungia milioni kadhaa za kitambaa. Tumia idadi uliyo na hakika nayo. Oda zikiongezeka, hiyo ni faida ya ziada, usiitangulize kwenye hesabu.

Njia ninayoipendelea kwa hizo 300 ni kununua kitambaa kwa jora badala ya mita, na kwa bei ulizoniandikia ungeokoa 350 kwa begi, sawa na 700,000 kwa msimu. Lakini angalia fedha zinatoka wapi. Kitambaa cha mabegi 2,000 kwa bei ya jora ni 6,900,000. Ukikopa kiasi hicho chote mwanzoni mwa msimu kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, na kukirudisha baada ya miezi mitatu, riba ni 621,000. Umeokoa 700,000 na kumpa mkopeshaji karibu yote. Ukigawa ununuzi mara tatu, kila mara 2,300,000 unazozirudisha ndani ya mwezi baada ya kupeleka mzigo dukani, riba ni 69,000 kila mara, jumla 207,000. Inabaki akiba ya 493,000, au kama shilingi 246 kwa begi. Hili linawezekana tu kama maduka yanalipa yakipokea, na ndiyo maana nilianza kwa kuuliza habari ya mali kauli.

Limebaki pengo la shilingi 54. Wanaofuata utaratibu huu kwa ukali husema bidhaa iliyozidi gharama lengwa isitolewe kabisa, hata kwa kiasi kidogo, kwa kuwa anayesamehe 54 mwaka huu atasamehe 540 mwaka ujao. Mimi kwa karakana ya mafundi watano nisingesimamisha msimu kwa sababu hiyo, lakini nisingeiita sifuri pia. Ni 108,000 kwa msimu, na itatoka kwenye ile milioni 1 ya tahadhari. Iandike hivyo, kisha uitafute kwenye vitu vidogo kama kadi ya picha unayoning'iniza kwenye begi, ambayo umeilipia 120. Waulize wenye maduka kama inawasaidia kuuza. Hilo sikuweza kulijua nikiwa huku.

Namba zote hizi bado ni makadirio, kwa hiyo usikate jora la kwanza lote. Mwezi wa Septemba shona mabegi 30 ya muundo mpya. Pima kitambaa kilichotumika kwa kugawa mita zote kwa 30, siyo kwa kupima begi moja lililokatwa kwa uangalifu mbele ya bosi. Mpime kwa saa fundi wa kasi ya kawaida, siyo yule hodari kuliko wote. Jaza begi kilo 8 za mchanga, ulitundike kwa mkanda mmoja usiku kucha, kisha ulinyanyue na kulishusha kwa nguvu mara mia. Mraba ukianza kuvuta kitambaa, tatizo liko kwenye kitambaa kilichoshonewa mkanda na utahitaji kuweka kiraka nyuma yake, ambacho nacho kina bei. Zipu ndogo zifunguliwe na kufungwa mara mia tano. Ikiwa gharama ya hayo 30 itatoka 14,200 badala ya 13,650 hivi tuliyoikadiria, utakuwa bado na muda wa kutafuta kosa kabla ya Oktoba.

Halafu jiandae kwa Novemba, mwenye duka mmoja atakapokupigia kukuambia begi lako ni zuri ila angependa mfuko mmoja zaidi ndani, na vibano virudi kwa sababu vinapendezesha. Kwenye daftari la karakana andika 13,600 juu ya ukurasa, na chini yake orodha ya kila kipande na bei yake. Ombi lolote likija, mwonyeshe ukurasa huo na umuulize kimoja kati ya mawili: kitoke kipi, au bei yake iwe ngapi.